Hodi Moja Tu

Kwetu Pwani mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa ndipo hugeuka akaenda zake. Webhuku ya GitHub hupiga hodi mara moja. Ombi la kuunganisha msimbo, lile ambalo kwenye skrini huandikwa `pull request`, linapofunguliwa, linapoongezewa mabadiliko au linapofungwa, GitHub hutuma ujumbe mmoja kwenye anwani uliyoiandikisha. Seva yako isipojibu ndani ya sekunde 10, ujumbe huo huhesabiwa kuwa haukufika, na hautumwi tena mpaka wewe mwenyewe uagize utumwe. Jambo hili limeelezwa wazi katika mwongozo wao, nami nilikuwa nimelisoma zamani, lakini uzito wake niliuona katika ofisi yetu ndogo ya Tudor, Mombasa.

Tulikuwa tumejitengenezea mpango ambao mpaka leo naupenda. Kila ombi la kuunganisha lililofunguliwa katika hazina zetu 12 za msimbo lilipata mazingira yake ya majaribio, yaani nakala nzima ya programu pamoja na hifadhidata yake, ili mteja aweze kuitazama kabla haijaunganishwa na tawi kuu. Ujumbe wenye `"action": "opened"` ulipofika, mazingira yalijengwa. Ulipofika wenye `"action": "closed"`, yalibomolewa. Kazi hiyo yote ilifanywa na kompyuta moja iliyokuwa pale ofisini.

Alasiri moja stima ilipotea kwa muda wa dakika 40 hivi. Betri ya akiba iliishikilia kompyuta vizuri, lakini ruta ya intaneti ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani, ikazimika. Wenzetu wawili waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani, mmoja Likoni na mwingine Mtwapa, waliendelea kama kawaida, na katika dakika hizo wakafunga maombi matatu. Ujumbe wa maombi hayo matatu ukaja, ukakuta mlango hauna mtu, ukaondoka. Wiki mbili baadaye kijana wetu mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona diski imejaa na tuna maombi manne tu yaliyo wazi?" Tulipohesabu tukakuta mazingira saba yanaendelea kufanya kazi.

Lililonishughulisha zaidi halikuwa diski. Nilipofungua logi za kompyuta ile nikatafute kosa, sikulikuta. Kompyuta haikuzimika, programu ya kupokea ujumbe haikuanguka, na kwa dakika zile 40 logi ilikuwa kimya tu, kimya kilekile cha Jumapili asubuhi ambapo hakuna anayefanya kazi. Kwa upande wa GitHub, ukurasa wa mipangilio ya webhuku una sehemu iitwayo `Recent Deliveries` ambayo huonyesha kila ujumbe na jibu ulilopata, lakini kumbukumbu hizo huonekana kwa siku 3 tu, na muda wa kuagiza ujumbe utumwe upya ni huohuo. Sisi tulifika baada ya wiki mbili.

Hapo ndipo naiona tofauti kubwa baina ya njia mbili za kupata habari, kungoja uletewe na kwenda kuuliza mwenyewe, na si katika kasi, ambayo ndiyo huzungumzwa sana. Anayengoja kuletewa habari hawezi kujua kwamba habari fulani haikuletwa, kwa sababu ukimya wa mambo kutotokea na ukimya wa njia kukatika unafanana kabisa. Anayekwenda kuuliza mwenyewe kila baada ya muda, njia ikikatika atajua papo hapo, kwa kuwa swali lake halitapata jibu. Na njia ikirudi, swali la kwanza litampa hali ilivyo sasa, hata kama alikosa siku nzima.

Wengi huikwepa njia ya kuuliza kwa vipindi kwa kuhofia kumaliza kiwango cha maswali. Tupige hesabu. Mtumiaji aliyejitambulisha kwa tokeni yake huruhusiwa maswali 5,000 kwa saa. Hazina 12 zikiulizwa kila dakika moja ni maswali 720 kwa saa, na habari hukawia kwa wastani wa nusu dakika. Zikiulizwa kila sekunde 10 ni maswali 4,320, na hapo kweli unakaribia ukingo. Hata hivyo kuna njia ya kupunguza mzigo: kila jibu huja na alama iitwayo `ETag`, nawe ukiirudisha katika swali linalofuata, GitHub hujibu `304` iwapo hakuna kilichobadilika, na jibu hilo, kwa aliyejitambulisha, halihesabiwi katika kiwango chake.

```
GET /repos/OWNER/REPO/pulls?state=open&per_page=100
If-None-Match: "alama-ya-jibu-lililopita"
```

Njia hii nayo ina upofu wake. Ombi likifunguliwa na kufungwa katikati ya maswali mawili, hutaliona kamwe, na mtu akisukuma mabadiliko mara tatu ndani ya dakika moja, utaona ya mwisho tu. Kwa kazi ya kujenga mazingira upofu huo ni nafuu, maana hakuna haja ya kujenga mara tatu kitu kitakachotazamwa mara moja. Anayetakiwa kuweka kumbukumbu ya kila hatua, nani alibandika lebo na nani akaiondoa, asiitegemee njia hii.

Tulichofanya ni kuacha kuutii ujumbe wa webhuku. Sasa ukifika, tunahakiki saini yake iliyo katika `X-Hub-Signature-256`, tunajibu mara moja, kisha tunauchukulia kuwa ni taarifa kwamba hazina fulani inafaa kutazamwa. Kazi yenyewe ni moja: kusoma orodha ya maombi yaliyo wazi, kuilinganisha na mazingira yaliyopo, kujenga yanayokosekana na kubomoa yaliyozidi. Kazi hiyohiyo hufanywa pia kila dakika 5 bila kungoja mtu, na kwa hazina 12 hayo ni maswali 144 tu kwa saa. Mpangilio huu ulitutatulia pia tatizo la mfuatano, kwani ujumbe hauna ahadi ya kufika kwa mpangilio uliotokea. Zamani wa kufunga ungeweza kutangulia na wa mabadiliko ukafuata, nasi tukajenga upya kilichokwisha kubomolewa.

Pana hatari moja ambayo lazima izibwe kabla ya kuiruhusu programu kubomoa chochote. Ukurasa mmoja wa jibu haubebi zaidi ya maombi 100, na usipotaja idadi hubeba 30. Hazina yenye maombi 34 ikisomwa ukurasa wa kwanza peke yake, manne yataonekana kana kwamba yamefungwa, na mazingira yake yatabomolewa mteja akiwa anayatazama. Kwa hiyo programu yetu haibomoi mpaka kurasa zote ziwe zimesomwa na kila moja imejibu `200`. Jibu la kosa au lililokatika huiacha hali kama ilivyo hadi zamu inayofuata.

Tulipomaliza nilichomoa waya wa ruta, nikamwomba mwenzetu wa Likoni kwa simu afunge ombi lake, tukangoja robo saa kisha nikaurudisha waya. Katika `Recent Deliveries` ujumbe ule ulikuwa na alama nyekundu. Mazingira yake yalibomolewa kabla dakika 5 hazijatimia.