Urasimu: jalada la mwalimu na safari yake

Ukisema "urasimu" Tanzania, watu husikia "njoo kesho". Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyefariki 1920, hakuwa na maana hiyo. Alichora kielelezo cha kupimia ofisi za kweli: ngazi za madaraka, kanuni zilizoandikwa, kila mtu na kazi aliyosomea, na ajira isiyouliza wewe ni mtoto wa nani. Hakudai kwamba ipo ofisi iliyofanana nacho kabisa.

Tuchukue mwalimu anayeomba kuhamia shule nyingine ndani ya halmashauri ileile. Barua anamwandikia Mkurugenzi, lakini chini ya anwani anaweka "K.K. Mwalimu Mkuu", yaani kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kwa sababu haruhusiwi kuruka ngazi. Ikifika masjala, karani anaigonga muhuri wa kupokelewa, anaipa namba ya folio na kuifunga kwenye jalada la mwalimu. Afisa elimu anaandika dokezo: "Maombi yako folio 14. Napendekeza yakubaliwe." Jalada linapanda.

Utaratibu huu una faida ambayo wengi huiona wakishaonewa. Mkurugenzi akihamishwa, folio 14 inabaki. Mwalimu akinyimwa haki, kuna karatasi yenye jina na tarehe ya aliyemnyima. Palipo na amri za mdomo tu, angemshika nani?

Sasa upande wa pili. Afisa elimu anayezijua shule zote angeweza kuamua kwa dakika tano, ila saini iko juu, na mwenye saini yuko safarini. Anayekaimu anaogopa kuulizwa baadaye, kwa hiyo jalada linalala. Utaalamu nao unagawanya macho: afisa elimu anaangalia darasa lisilo na mwalimu wa hisabati, afisa utumishi anaangalia ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na hakuna anayeangalia vyote viwili. Barua ikikosa muhuri wa shule inarudishwa, hata kama kila mtu ofisini anamfahamu mwandishi. Mmarekani Robert Merton aliliona hili mwaka 1940: kanuni iliyowekwa kuhudumia lengo inageuka kuwa lengo lenyewe.

Kwenye ajira siyumbi. Sekretarieti ya Ajira ilianzishwa ili usaili usiwe mali ya bosi wa ofisi inayoajiri, na hapo Weber alikuwa sahihi. Udhaifu ni kwamba alama za usaili hazisemi nani atavumilia kituo cha pembezoni, na mlango wa mbele ukifungwa, kimemo cha mkubwa anayembeba mtu wake hutafuta dirisha: uhamisho, kukaimu, mikataba ya muda. Ndiyo maana mwalimu wetu anaweza kungoja miezi huku mwenzake, aliyeomba baada yake, ameshapanga chumba karibu na shule mpya. Ukifungua jalada la huyo mwenzake, utakuta dokezo limeandikwa vizuri, folio zote zimepangwa na muhuri upo.