Chenga kidogo katika giza la picha

*“Kaka, picha yangu ya jahazi pale Shela baada ya magharibi nimeitia kivuli pembeni, sasa anga limejaa mikanda kama miviringo ya maji ukitupa jiwe. Wenzangu wanasema nitie chenga. Si nitaiharibu picha safi?”*

Wanaokataa chenga, yaani chembechembe za kubahatisha zinazotiwa kwenye picha, si wajinga. Anga laini huhifadhiwa kwenye PNG kwa faili dogo, kwa sababu pikseli nyingi zinafanana. Ukinyunyiza chenga, kufanana huko kunapotea na faili linavimba. Tena aliyehangaika na kamera usiku kuondoa chenga haelewi kwa nini azirudishe kwa mkono wake.

Ila neno “safi” ndilo linalonisumbua. Picha yenye mikanda ina makosa tayari, tena yamejipanga mstari, na jicho hushika kilichojipanga kabla ya kilichotawanyika.

Tuseme anga lako lina thamani 30 karibu na tanga, na kivuli kinalishusha hadi 10 kwenye pembe, umbali wa pikseli 1000. Skrini ya biti nane ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na hapo katikati umebakiwa na hatua 20. Kivuli kikishuka sawasawa, kila mkanda una upana wa pikseli 50. Hilo lingevumilika mchana. Kutoka 200 kwenda 201 mwanga unaongezeka kwa asilimia 1 na kidogo. Lakini kutoka 10 kwenda 11, katika sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi za skrini, unaongezeka kwa takriban asilimia 10. Hatua ni ileile moja, lakini huku chini ni nzito karibu mara tisa. Ndiyo maana mikanda haionekani kwenye kuta nyeupe za mji wetu, bali kwenye usiku wake. Jicho nalo hukoleza mpaka kati ya ngazi mbili, jambo ambalo mwanafizikia Ernst Mach alilieleza katika karne ya 19. Na kwa kuwa nyekundu, kijani na buluu hazivuki ngazi mahali pamoja, mkanda mmoja unaingia ukijani na wa pili uzambarau, hata kama hukupaka rangi hizo.

Sasa chukua sehemu moja ya anga ambayo hesabu inasema ni 12.3. Bila chenga, kila pikseli pale inakuwa 12, na ile 0.3 imetupwa katika mkanda mzima. Ukiongeza kwanza namba ya kubahatisha kati ya -0.5 na 0.5, ndipo ukadirie, pikseli 3 katika kila 10 zinakuwa 13 na 7 zinabaki 12. Wastani ni 12.3. Kwa umbali wa kawaida jicho linazichanganya, na mpaka hauna pa kusimama. Hiyo ndiyo ditha, na msingi wake kwa picha mhandisi Lawrence Roberts aliuchapisha mwaka 1962. Kwa Paitoni, ukishaingiza NumPy kwa jina `np`, ni mistari miwili, `v` ikiwa picha yenye desimali kati ya 0 na 255, ambayo tayari imegeuzwa kuwa sRGB:

```python
n = np.random.uniform(-0.5, 0.5, v.shape)
b = np.clip(np.round(v + n), 0, 255).astype(np.uint8)
```

Angalia mpangilio: chenga kwanza, kukadiria baadaye. Ukishaihifadhi picha kwa biti nane, ile 0.3 haipo tena, na kufunika mkanda wa pikseli 50 kutahitaji chenga nzito zinazoonekana waziwazi. Hapo mkataaji ana haki yake kamili. Ana haki pia kwenye JPEG iliyobanwa sana, au picha inayopita kwenye programu za ujumbe: kubana huanza kwa kutupa chembe ndogo kama hizi, na mikanda inarudi, mara nyingi pamoja na vijisanduku.

Kwa hiyo rudi kwenye faili la kamera, si lile ulilokwisha kulihifadhi. Lifungue kwa biti 16, tia kivuli humo, punguza ukubwa wa picha, kisha ditha iwe hatua ya mwisho kabisa, maana kupunguza ukubwa baada yake kunasawazisha chenga na kukadiria upya. Hifadhi PNG, au JPEG ya ubora wa juu, na ukubali faili kubwa kwa picha hii moja.

Ukiona mikanda bado, kuza picha na usome thamani za pikseli zilizo jirani. Zikiwa 12 tupu halafu ghafla 13 tupu, ditha haikufanyika. Zikiwa 12, 13, 12, 12, 13, faili ni zima na tatizo liko kwenye skrini. Paneli nyingi za bei nafuu ni za biti sita kwa asili. Itazame basi kwenye simu nyingine usiku, taa zikiwa zimezimwa, kabla hujaigusa tena.