Inkisari Inapohitajika na Isipohitajika

Ubeti huu nimeutunga makusudi wa kufundishia darasa la sekondari Pemba, mizani 8 kila kipande:

Meingia mashambani, karafuu kuzichuma,
Pakacha langu begani, pishi nipate kupima,
Wangu mwana yu mtini, tawi avuta kwa hima,
Tazianika juani, zikauke zote njema.

Wapo walimu wasiopenda shairi la mfano liwe na inkisari wala maneno yaliyopinduliwa. Hofu yao ina msingi: mwanafunzi akishaambiwa kwamba mshairi ana uhuru, hukata neno lolote linalomshinda. Wengine hujibu kwamba shairi lililosafishwa hivyo halimwandai mtoto kusoma tungo za Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa chake mwenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sharti moja: kila uhuru uonyeshe sababu yake.

Tuanze na "meingia". "Nimeingia mashambani" ina mizani 9, imezidi moja. "Naingia mashambani" inatimia 8, lakini hapo kitendo kilichokwisha kinageuka kinachoendelea. Inkisari hapa imelinda maana, na "langu" katika mstari wa pili inatuonyesha nani aliyeingia. "Karafuu kuzichuma" nayo ina haki yake, maana "kuzichuma karafuu" ingeua kina cha "ma". Isitoshe, ile "zi" inaishika karafuu, kwa hiyo hata maneno yakipinduliwa msomaji hapotei.

Mstari wa tatu ni tofauti. Hesabu "mwanangu yuko mtini": mizani 8, kina "ni" kipo palepale. Basi "wangu mwana" na "yu" havikulazimishwa na chochote. Atakayevitetea atasema vinaleta ladha ya kikale na kumtanguliza mwenye mwana. Utetezi huo naukubali kwa mshairi aliyekomaa. Kwa anayejifunza, namtaka kwanza aione ile njia ya kawaida, kisha achague.

Kosa lenyewe liko kwenye "tazianika". Kwa mazoea ya ushairi wetu, "ta" iliyoachwa peke yake husomwa "nita". Lakini mstari uliotangulia umemtaja mwana, kwa hiyo msomaji anaweza kuelewa kwamba mwana ndiye atakayeanika. Waambie wanafunzi wauandike mstari huo kwa nathari, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, wengine "nitazianika", wengine "atazianika", inkisari imekula nafsi ya mtenda. Dawa haiko mbali: "nizianike juani" ina mizani 8, kina hakikuguswa, na mtenda anajulikana. Mimi ningeiandika ubaoni chini ya ule mstari wenye kosa, bila kuufuta, ili darasa lihesabu mizani ya yote miwili.