Haisi ikipinduka andika ripoti moja tu, na uanze kwa kuhesabu watu

Mimi nasimamia magari ya tajiri mmoja hapa Mwanza, haisi 5, na kazi ambayo hakuna aliyenifundisha ni ya kuandika ripoti gari likipata ajali. Wasimamizi wengi nawaona wanaandika mbili, ya tajiri inasema dereva alikuwa mzembe na ya trafiki inasema tairi lilipasuka abiria 16, halafu bima wakija kuzisoma pamoja kila kitu kinagongana. Msimamo wangu ni kwamba iandikwe karatasi moja, nakala kwa tajiri na nakala kwa afande mpelelezi, na kitu cha kwanza humo kiwe idadi ya watu. Sababu nitaieleza kwa ajali moja niliyoiandika mwenyewe.

Gari lilikuwa linatoka mwaloni kurudi Kisesa kwa ile njia ya vumbi, jioni, mvua ilikuwa imenyesha mchana. Konda alinipigia 12:55, mimi nilikuwa Igoma, nikachukua bodaboda nikafika 1:30 giza limeshaingia. Haisi ilikuwa imesimama kwa tairi zake 4 pembeni ya korongo, vioo vyote vya kushoto hakuna, magunia ya dagaa yametawanyika mpaka kwenye shamba la mihogo. Watu wamekaa kwenye nyasi, mmoja anatapika, wengine wako kwenye simu. Nikamuuliza dereva walikuwa wangapi akasema 16 kaka, full level siti. Konda akasema 17. Nikamwambia konda nionyeshe hela ulizokusanya, elfu 15, nauli ilikuwa elfu moja moja, kwa hiyo kwa hela walikuwa 15. Namba tatu tofauti kwa gari moja, na hakuna aliyekuwa anadanganya sana, dereva alitaja leseni ya gari, konda alikumbuka sura, na hela ilihesabu waliokwisha kulipa tu maana wapo wanaolipa wakishuka.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika majina na kuachana na namba. Waliokaa kwenye nyasi 9, nikaandika kila mmoja jina, umri, simu, alikaa siti ipi na jirani yake alikuwa nani. Hili la jirani ndilo linalosaidia kuliko yote, kwa sababu mtu aliyeumia anaweza asikumbuke gari lilikuwa na watu wangapi lakini anakumbuka bega la nani lilikuwa linamgusa. Kwa majirani nikapata wengine 6 waliopakiwa kwenye proboksi iliyokuwa inapita wakapelekwa kituo cha afya, na 3 waliondoka na bodaboda kabla sijafika. Jumla watu wazima 18.

Nilidhani nimemaliza. Nikaingia na tochi ndani ya gari kutafuta begi la mama mmoja, chini ya siti ya tatu nikakuta kandambili ya mtoto, ya bluu, ndogo kuliko kiganja changu, mkanda mmoja umechomoka. Mtoto pekee niliyemuandika alikuwa kichanga cha miezi 8 mgongoni mwa mama yake, na kichanga havai kandambili. Nikauliza kwa sauti mtoto wa nani huyu, kimya. Ndugu zangu sijui nieleze vipi ile dakika. Tuliingia korongoni na tochi za simu, vijana 4 na konda, tukapekua nyasi na yale magunia moja moja mpaka kule gari lilipolalia. Yule mzee wa siti ya nyuma ndiye aliyekumbuka, akasema kulikuwa na bibi amempakata mjukuu, ameondoka na bodaboda. Tukatafuta namba ya yule wa bodaboda karibu nusu saa ndiyo tukapata, mtoto wa miaka 3 yuko kwa bibi yake, amechubuka paji la uso, analia anataka kandambili yake.

Watoto wanaopakatwa hawalipi nauli kwa hiyo kwenye kichwa cha konda hawapo. Ukihesabu kwa nauli au kwa siti unaweza kuondoka eneo la tukio mtu yuko chini ya gunia. Ndiyo maana nasema idadi ya abiria haihusu faini, inahusu kama kuna mtu bado hajatolewa, na mpaka majina yafunge hakuna mwokoaji anatakiwa kuondoka pale.

Niliandika hivi: watu waliokuwamo ndani ya gari 22, dereva 1, kondakta 1, abiria wazima 18, watoto 2 wa kupakatwa, wa miaka 3 na wa miezi 8. Aliyefariki hakuna mpaka saa 4:00 usiku, yaani 22:00. Hizo saa naziandika mara mbili kila sehemu kwa sababu hospitali wanaandika 18:40 sisi tunasema 12:40, mtu wa bima akikaa Dar na karatasi mbili anaona kama vile watu wamepishana saa 6.

Tajiri alivyosoma abiria jumla 20 akapiga simu, mdogo wangu leseni yetu ni abiria 16, andika 16 tumalize. Nikamwambia mzee nikiandika 16 nachagua watu wanne wa kuwafuta, uniambie ni wepi hao, yule bibi na mjukuu wake? Akanyamaza. Ni mtu muungwana, hakunilazimisha, na faini ya kuzidisha abiria aliilipa. Siku ya pili mmoja wa wale 3 wa bodaboda, kijana aliyeondoka anatembea vizuri kabisa, alishindwa kuamka na maumivu ya mbavu, akaenda polisi kuomba PF3 ili atibiwe. Afande akafungua orodha, jina lake likawepo, siti ya pili dirishani, akaandikiwa. Asingekuwemo angeanza kubishana na kaunta kwamba hata yeye alikuwa ndani, na dereva ambaye ameshasema 16 asingemtetea.

Kwenye majeraha kosa la wengi wetu ni kujifanya daktari. Ukiandika amevunjika mkono halafu picha ya hospitali ikaonyesha ameteguka, ripoti nzima inaonekana ya uongo. Mimi naandika alivyoniambia na nilivyomuona: anasema bega la kushoto linauma, hawezi kuinua mkono, damu hakuna. Anasema tumbo linauma chini ya mbavu, ametapika mara mbili. Huyo wa pili kwa nje hakuwa hata na mchubuko, lakini ndiye niliyemsukuma aende hospitali kwanza kabla ya aliyechanika kichwa anayetoka damu, maana tumbo linaweza kuvuja ndani watu wakimuona amekaa tu. Halafu naandika kila mmoja alikokwenda, na alichoandika daktari naongeza baadaye kwenye karatasi ya pili yenye tarehe yake, ile ya kwanza siigusi.

Sasa barabara. Kila ripoti ya huku inasema barabara mbovu, na hayo maneno hayamsaidii yeyote. Nilipima kwa hatua, hatua yangu ni kama sentimita 75. Upana wa njia hatua 8, karibu mita 6, lakini upande wa kushoto maji yamekula bega la barabara na chini yake pako tupu, yaani juu unaona moramu imekauka vizuri ila ukikanyaga ukingo unashuka nao. Korongo kina chake kinanifika gotini. Pale ni bondeni, udongo ni ule mweusi wa mbuga, juu umekauka chini unateleza kama sabuni. Alama za tairi zilianza hatua 23 kabla ya korongo, na hazikuwa zimenyooka kama za mtu aliyefunga breki, zilikuwa zinapinda na zina mistari ya ubavuni, gari lilikuwa linakwenda upande. Nilipiga picha nimeweka dumu la lita 20 pembeni ili mtu aone ukubwa, na nashukuru nilifanya usiku uleule kwa sababu alfajiri mvua ilifuta kila kitu, trafiki alipofika asubuhi kupima alikuta tope tu, akatumia zile picha.

Dereva alisema tairi la mbele kushoto lilipasuka. Kweli halikuwa na upepo. Ila nililimulika vizuri, mpira haukuchanika popote, na kati ya rimu na tairi kulikuwa kumebanwa nyasi na udongo mweusi, hiyo hutokea tairi likisukumwa ubavu mpaka mdomo wake unaachia rimu. Lingepasuka njiani ningetarajia kuona rimu imechora barabara kabla ya korongo na vipande vya mpira nyuma. Hata hivyo sikuandika dereva amedanganya, wala sikuandika chanzo. Niliandika dereva anasema tairi lilipasuka, na mstari unaofuata nikaandika nilichokiona kwenye tairi, uamuzi ni wa mkaguzi wa magari wa polisi.

Na mzigo niliuandika pia ingawa tajiri hakuupenda: magunia 7 ya dagaa juu ya keria, moja tulilipima dukani kilo 38. Karibu kilo 270 juu ya paa la gari ambalo tayari ni refu. Gari kama hilo likiteleza ubavu halafu tairi zikajikwaa kwenye ukingo, chini kunasimama na juu kunaendelea kwenda, na hapo halihitaji spidi kubwa kulala.

Kitu kingine, wananchi waliliinua gari kabla polisi hawajafika, kuangalia kama kuna mtu chini. Walifanya sahihi kabisa. Lakini ni lazima iandikwe, la sivyo mchoro wa trafiki unaonyesha gari limesimama na mtu anauliza lilipindukaje. Niliandika: gari liliinuliwa na wananchi saa 1:00 usiku, 19:00, kwa ajili ya kuokoa, kabla ya hapo lilikuwa limelalia ubavu wa kushoto ndani ya korongo, pua inatazama Kisesa, kwa maelezo ya kondakta na abiria wawili. Nikachomeka vijiti vinne pale lilipolala, afande akapima kutoka kwenye vijiti.

Nakala ya tatu niliipeleka ofisi inayosimamia barabara za vijijini, na picha ya ule ukingo. Wiki tatu baadaye waliweka mawe meupe kando ya korongo, bega lenyewe bado halijajazwa, na gari zetu bado zinapita pale kila jioni, sasa hivi bila gunia hata moja juu ya keria.