Prednisoloni haijagoma, bado haijaanza

Kila kiangazi upepo wa Dodoma unapotimua vumbi, wenye pumu wanajaa mapokezi na kauli ni ile ile: "Prednisoloni ameshapewa, nusu saa sasa, hana nafuu. Dawa imegoma, ongeza." Inaniudhi, kwa sababu wanaoisema walishafaulu mtihani wa homoni. Walikariri kwamba kuna vipokezi vya utando na vipokezi vya kiini, lakini hawaoni kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoonekana kwenye saa ya ukutani.

Salbutamoli, dawa ya pampu, haihitaji hata kuingia ndani ya seli. Inashika kipokezi cha beta-2 kwenye utando, kipokezi kinaamsha protini G, saikliki AMP inaongezeka, na kimeng'enya kinabandika fosfati kwenye protini ambazo tayari zipo. Msuli wa njia ya hewa unalegea ndani ya dakika chache. Hakuna kilichotengenezwa upya, na baada ya saa 4 hadi 6 nafuu inakwisha.

Prednisoloni ni steroidi inayoyeyuka kwenye mafuta, hivyo inapenya utando yenyewe. Kipokezi chake kiko kwenye saitoplazimu, kimeshikiliwa na protini HSP90. Dawa ikishakishika, kinabadilika umbo na kuingia kwenye kiini. Hadi hapo ni dakika tu, na wengi wanadhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Vipokezi viwili vinaungana juu ya DNA, mahali penye mfuatano unaofanana na AGAACAnnnTGTTCT, kisha jeni inanakiliwa, RNA inachakatwa na kutoka nje ya kiini, ribosomu zinaisoma, na protini inaongezeka kidogo kidogo. Vipokezi vingine vinazuia NF-kB isiendelee kuwasha jeni za uvimbe, ila kemikali zilizokwisha kumwagwa na ute uliokwisha kujaa haviondoki papo hapo. Nafuu ya maana huchukua saa 4 na zaidi.

Anayebisha aende maabara. Seli zikiwekewa aktinomaisini D, inayozuia unakili wa jeni, protini mpya zinazoletwa na steroidi hazionekani, lakini saikliki AMP ya salbutamoli inapanda kama kawaida.

Haya, steroidi zina athari za haraka zisizopitia kwenye jeni. Nakubali. Lakini usizitegemee kumfungulia mgonjwa pumzi.

Kwa hiyo mpe mtu mzima miligramu 40 hadi 50 ndani ya saa ya kwanza, usisubiri kwanza pampu ishindwe, na salbutamoli iendelee kila dakika 20 katika saa hiyo. Kuongeza dozi baada ya nusu saa hakuharakishi ribosomu. Sindano nayo haina njia ya mkato: kama anaweza kumeza na hatapiki, vidonge vinatosha, maana ya mshipani nayo itapitia kiini kile kile.

Na mojawapo ya jeni zinazoamshwa ni ya kipokezi cha beta-2 chenyewe. Kidonge cha saa 2 asubuhi kinaiongezea pampu ya mchana mahali pa kushika.