Uma usiokuwepo mezani
Makala niliyosoma inasema modeli ya akili bandia inayoeleza picha kwa maneno hutaja vitu visivyokuwepo pale picha inapokuwa na ukungu. Sikubali, hata picha safi kabisa huleta kosa hilo. Ipe picha ya meza yenye sahani na kisu tu, huenda ikaongeza uma, maana katika maelezo iliyofunzwa nayo vitu hivyo huandamana mno. Kosa huzidi maelezo yanaporefuka, kwani sentensi za mwisho huegemea maneno yaliyokwisha kuandikwa kuliko picha yenyewe. Mimi hukata kipande panapodaiwa kuwa na uma, nikaiuliza upya: kuna nini hapa? Uma ukitoweka kwenye jibu, basi yaelekea ulitokana na mazoea. Lakini wenzetu msioona, mnaotegemea maelezo haya, ninyi mnahakikishaje?