Dola ikishuka, faida huliwa

"Niko Kisumu, nina laki moja na elfu sitini. Niiweke yote kwenye mfuko wa hisa za dunia?"

Yote kwa siku moja, hapana, ndugu yangu. Mtazame aliyenunua dola za kuingia mfuko kama huo Januari 2024, dola ilipokuwa karibu shilingi 160. Elfu 160 zilimpa dola 1,000. Tuseme mfuko ulipanda asilimia 10, akawa na dola 1,100. Miezi michache baadaye dola ilikuwa karibu 130, kwa hiyo akirudisha anapata 143,000. Hisa zimepanda, naye kapoteza 17,000. Na benki bado haijachukua chake: hukuuzia dola ghali kuliko inavyoinunua kwako. Pengo la shilingi 4 kwa kila dola, ukiwa na dola 1,000, ni shilingi 4,000.

Uliza pia ada ya mwaka. Asilimia 2 ya 160,000 ni 3,200, na hukatwa hata mfuko ukishuka.

Karo na kodi ya nyumba unalipa kwa shilingi, basi pesa utakayohitaji ndani ya miaka 5 ibaki kwa shilingi. Katika inayobaki, naona robo yatosha, ukinunua kidogo kidogo kila robo mwaka. Kila mwezi ni mara nyingi mno kama benki inatoza ada kila unapotuma.